Skrinshoti ya mazungumzo kwenda Kiarabu: nani kasema nini, kwa sauti gani, saa ngapi?

Mshumaa_wa_Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Dada yangu ana mvutano na fundi samani kuhusu kabati alilolipia malipo ya awali. Shauri lipo mbele ya msuluhishi anayesoma Kiarabu tu, na ushahidi mkubwa wa dada ni skrinshoti za WhatsApp kwa Kiswahili. Jamaa mmoja akamfanyia tafsiri. Kiarabu chake si kibaya, ila kaandika yote kama hadithi: aya mbili, hakuna saa, hakuna anayeonekana kusema, na ile "hahaha" ya dada haipo kabisa. Msuluhishi kairudisha na swali moja tu: nani aliahidi, na nani alikubali?

Nasoma Kiarabu na kuandika, lakini kazi ya namna hii sijawahi kuifanya. Nimeyanakili mazungumzo kama yalivyo kwenye picha. Simu ni ya dada, kwa hiyo yeye yuko kulia.

Juu kabisa saa ya simu inasoma 21:15. Jina la mtu: Fundi Kabati.

Jana
Kulia 18:52: Fundi umefikia wapi?
Kushoto 18:58: Naleta kesho saa mbili 🙏
Kulia 18:58: Asubuhi au usiku?
Kushoto 19:03: (amenukuu "Asubuhi au usiku?") Hiyo hiyo niliyokwambia
Kushoto 19:03: Ujumbe huu umefutwa
Kulia 19:10: Haya.

Leo
Kulia 20:05: SAA MBILI IMEPITA
Kushoto 20:31: Pole dada yangu, gari imeharibika
Kulia 20:32: Sawa bana hahaha kila siku gari
Kushoto 20:40: Nimemtuma kijana, amesema yuko njiani
Kulia 20:41: Risiti ya 05-11 ninayo

Hii unaipangaje kwa Kiarabu mpaka mtu asiyejua neno la Kiswahili aone kila kitu kilipokuwa?

---

Chapa_Kazi

Rahisi hiyo mkuu. Ingia kwenye mipangilio, badilisha lugha ya simu iwe Kiarabu, fungua hayo mazungumzo, piga skrinshoti upya. Kila kitu kitakuja Kiarabu.

---

Bwana_Mkato

@Chapa_Kazi hapo utabadilisha vitufe na maandishi ya programu yenyewe, maneno ya fundi yatabaki Kiswahili vilevile.

Mshumaa, mimi nafanya usanifu wa picha. Kiarabu kinakwenda kulia kushoto, kwa hiyo chukua picha, igeuze kama kwenye kioo ili viputo vya kulia viende kushoto, halafu futa maneno uandike Kiarabu juu yake. Msomaji wa Kiarabu ataiona kama alivyozoea. Nimeshafanya mabango mengi kwa njia hiyo.

---

KalamuMbili

Bwana_Mkato una nusu ya jambo, na nusu hiyo ni ya kweli. Programu nyingi za mazungumzo zikiwekwa Kiarabu hugeuza pande: viputo vya mwenye simu huhamia kushoto, vya mwenzake vinakaa kulia. Kwa hiyo msuluhishi akiangalia picha ya dada bila maelezo, jicho lake linaweza kumwambia kwamba aliye kulia ni yule wa upande wa pili. Yaani ahadi ya fundi ataisoma kama ya dada. Nadhani swali lake la "nani aliahidi" lilianzia hapo, kama aliletewa picha pamoja na ile hadithi.

Lakini dawa si kugeuza picha. Kwanza umeharibu ushahidi: picha iliyofutwa maneno na kuandikwa mengine si skrinshoti tena, ni mchoro wako. Pili, msomaji hana njia ya kujua kama umegeuza au hukugeuza, kwa hiyo shaka inabaki palepale.

Picha ya asili iache kama ilivyo. Ipigie namba tu pembeni, nje ya viputo, 1 mpaka 11. Kisha tengeneza jedwali: namba, msemaji, saa, maneno ya asili, tafsiri. Msemaji atajwe kwa jina katika kila mstari, hata kama ni yuleyule mara tatu mfululizo. Maneno "kulia" na "kushoto" yatokee mara moja tu, kwenye maelezo ya juu: viputo vya kulia katika picha ya asili ni vya mwenye simu. Baada ya hapo usitegemee upande tena.

---

Mshumaa_wa_Jioni

Shukrani mkuu. Namba nimeelewa, ila kwani saa haitoshi kuonyesha mpangilio? Nilitaka kuweka kwenye Excel nipange kwa saa.

---

KalamuMbili

Angalia picha yako mwenyewe. Saa 18:58 ina ujumbe wa fundi na wa dada. Saa 19:03 ina jumbe mbili za fundi. Skrini haionyeshi sekunde, kwa hiyo saa pekee haikuambii kipi kilitangulia. Ukipanga kwa saa na mistari ikachanganyika kidogo tu, "Asubuhi au usiku?" inaweza kukaa juu ya "Naleta kesho saa mbili", na swali likageuka kuwa jibu.

Halafu kuna simu zilizokosa mtandao. Ujumbe ulioandikwa mapema ukachelewa kutoka unaweza kuonekana chini ya ule uliotumwa baadaye, na saa zikaonekana kama zimerudi nyuma. Ukikuta hivyo usisahihishe. Mpangilio wa skrini ndio unaofuatwa, na saa inanakiliwa kama ilivyo.

Nukuu nayo iangalie. Namba 4 ina kisanduku kidogo juu kinachorudia swali la dada. Ukikifanya mstari wa peke yake utakuwa umemfanya dada aulize mara mbili. Kinakaa ndani ya mstari wa 4, ukiandika kwamba ni jibu kwa ujumbe namba 3:

[ردًّا على الرسالة 3]

Na ule uliofutwa unapewa mstari wake, na saa yake, na namba yake. Usiuruke kwa sababu hauna maneno. Msuluhishi anaweza kutaka kujua kwamba fundi alituma kitu dakika ileile aliyokwepa swali, kisha akakifuta.

---

BiZuhura

Mimi yangu ni kundi la familia, watu kumi na kitu, na picha imekatwa katikati. Kiputo cha juu hakina jina. Nimeweka jina la shangazi kwa sababu ninajua ni yeye, anaongea hivyo. Nimefanya sawa?

---

KalamuMbili

Hapana Bi Zuhura, kwa heshima. Kwenye kundi jina hutokea juu ya kiputo cha kwanza tu mtu anapotuma jumbe kadhaa mfululizo, vinavyofuata havina jina. Picha ikikatwa hapo, kwenye karatasi msemaji haonekani hata kama wewe unamjua. Andika kwamba msemaji haonekani:

[المرسل غير ظاهر في الصورة]

Kama unayo skrinshoti ya kabla yake inayoonyesha jina, itie, na useme kiputo cha mwisho cha picha ya kwanza ndicho kilekile cha juu katika picha ya pili. Hapo kimoja kisipewe namba mbili. Watu wanaopiga picha kwa kusogeza skrini hurudia kiputo kimoja au viwili kila mara, na nimeona jedwali ambalo mtu anaonekana kutukana mara mbili kumbe alitukana mara moja.

---

BiZuhura

Nimekuelewa. Na kuna mtu kwenye kundi kaulizwa "Utakuja?" Kiarabu kinanilazimisha nichague mwanamume au mwanamke. Aliyeulizwa simjui, ni rafiki wa mpwa wangu.

---

TalibuLugha

Hilo ndilo tatizo lenyewe, bi. Kiswahili "utakuja" hakijali jinsia. Kiarabu ni ستأتي kwa mwanamume na ستأتين kwa mwanamke, hakuna ya katikati. Kama hujui, muulize mpwa wako, swali la nusu dakika. Kama haiwezekani kujua, unaweza kukwepa kwa jina la kitendo:

هل في نيتك الحضور؟

Hapo "yako" inaandikwa sawa kwa wote wawili maadamu hukutia irabu. Ila sauti inapanda, "utakuja?" ya kawaida inageuka barua ya mwaliko. Mimi ningeweka ya kiume na alama ya tanbihi kwamba asili haibainishi.

Kwa upande wa Mshumaa amebahatika, mazungumzo yake karibu yote yanapita salama. "Umefikia wapi" ni وصلت kwa wote bila irabu. Na fundi mwenyewe kasema "dada yangu", kwa hiyo jinsia ya dada ipo kwenye maandishi, hukuibuni.

---

Mshumaa_wa_Jioni

Sasa nije kwenye saa. Yule jamaa aliandika "saa mbili" kuwa الساعة الثانية. Mimi naona kakosea lakini dada anasema tafsiri ni tafsiri, mbili ni mbili.

---

TalibuLugha

Dada anataka uaminifu, lakini hapo uaminifu wa neno unamwangusha yeye mwenyewe. Mwarabu akiona الثانية anaelewa saa nane yetu, ya mchana au ya usiku wa manane. Soma namba 7 kwa jicho lake: saa 20:05 dada anapiga kelele kwamba saa mbili imepita. Kwa hesabu ya msuluhishi imepita kwa saa sita na dakika tano. Dada anaonekana mtu aliyenyamaza mchana kutwa halafu akalipuka usiku bila sababu. Kumbe imepita kwa dakika tano tu.

Ni الثامنة, na hakuna njia nyingine.

---

KalamuMbili

Naunga mkono, na nyongeza. Saa zilizo pembeni ya viputo na saa zilizo ndani ya maneno ni vitu viwili tofauti na vinatendewa tofauti. Ya pembeni imeandikwa na simu: inanakiliwa tarakimu kwa tarakimu, haibadilishwi, hata kama msomaji yuko ukanda mwingine wa saa. Ya ndani imesemwa na mtu, hivyo inatafsiriwa kwa maana.

Lakini usibadilishe kimyakimya. Msuluhishi akimpa mtu mwingine picha ya asili na mtu huyo akaona "mbili", utaonekana umechezea. Weka mabano ya mraba mara ya kwanza tu:

سأحضرها غدًا الساعة الثامنة 🙏
[في الأصل «الساعة الثانية»، وتُعدّ الساعات بالسواحيلية من السادسة]

Na msitie صباحًا wala مساءً katika namba 2. Fundi hakusema. Dada aliuliza ndiyo maana, na fundi akakwepa. Tafsiri ikisema "saa mbili usiku" umemaliza mgogoro kwa niaba ya msuluhishi.

---

Chapa_Kazi

Nimejaribu kubadilisha lugha ya simu yangu kwa udadisi. Kweli pande zimehama na saa zimekuwa ٧:٠٣ م. Mbona hujamwambia aandike tarakimu hizo? Si ndiyo Kiarabu?

---

TalibuLugha

Ni Kiarabu cha baadhi ya nchi. Misri na Ghuba tarakimu ٠١٢٣ zimezoeleka, lakini Moroko, Algeria na Tunisia watu huandika 0123 kama sisi. Zote zinasomeka. Kwa kuwa picha ina 19:03, na msuluhishi atakuwa analinganisha karatasi mbili, bora abaki na 19:03. Kama simu ingekuwa imeandika 7:03 PM, hapo ningeandika 7:03 م, nisingeigeuza kuwa mfumo wa saa 24. Ubaya mkubwa ni kuchanganya mifumo miwili katika jedwali moja.

---

KalamuMbili

Chapa_Kazi umetusaidia hapo, umethibitisha suala la pande kwa macho yako.

Tukiwa kwenye tarakimu, kuna mtego mbaya katika namba 11 ambao hamjaugusa: "Risiti ya 05-11 ninayo". Mshumaa, iandike kwenye Word kwa Kiarabu uniambie unaona nini.

---

Mshumaa_wa_Jioni

Nimeandika إيصال, nikaacha nafasi, nikapiga 05-11, halafu عندي. Kwenye skrini inaonekana kumi na moja kushoto, kistari, sifuri tano kulia. Yaani inasomeka 11-05! Nimefuta nikaandika upya, vilevile. Cha ajabu, tarehe hiyohiyo nikiiweka peke yake mwanzoni mwa mstari inakaa vizuri.

---

KalamuMbili

Si Word iliyoharibika. Ni kanuni za Unicode za kupanga maandishi ya pande mbili. Tarakimu zinazokuja baada ya herufi ya Kiarabu huhesabiwa kuwa tarakimu za Kiarabu, na katika hali hiyo kistari hakiziunganishi kuwa kitu kimoja. Kila kipande kinapangwa peke yake kutoka kulia: 05 kwanza, kisha kistari, kisha 11. Mwanzoni mwa mstari hakuna herufi ya Kiarabu iliyotangulia, kwa hiyo kistari bado kinaunganisha na tarehe inabaki nzima. Ndiyo maana watu huchanganyikiwa, inaharibika mstari huu, mstari ule iko sawa.

Nukta mbili na mkwaju havina tatizo hilo, vinaunganisha hali zote mbili. 19:03 itakaa 19:03 popote, na 05/11 pia, mradi usiache nafasi katikati.

Sasa fikiria madhara. Risiti ni ya tarehe 5 Novemba. Msuluhishi akisoma 11-05 ataelewa 11 Mei. Fundi aliyechelewa kwa siku chache anakuwa amekaa na pesa ya mtu nusu mwaka.

Dawa ni alama isiyoonekana inayoitwa LRM, unaiweka kabla ya tarakimu ya kwanza. Kwenye Word ya Windows weka kishale mahali hapo, andika msimbo huu kisha bonyeza Alt na X pamoja:

```
200E
```

Msimbo utatoweka na tarehe itakaa sawa. Inatosha kuiweka hapo mbele tu.

---

Bwana_Mkato

Si umbadilishie tu awe na mkwaju? Umesema mwenyewe hauharibiki.

---

KalamuMbili

Kwa karatasi ya kawaida ningefanya hivyo. Hapa dada kaandika kistari, na kuna mtu atalinganisha. Ningeacha kistari na LRM. Ila sitagombana na anayeweka mkwaju, maana ya tarehe haijaguswa. Kinachonitisha zaidi ni mtu anayebandika kutoka Word kwenda sehemu nyingine bila kuangalia tena. Ukishatoa PDF, ifungue usome kila tarakimu kwa jicho, ukilinganisha na picha. Usiamini ulichoona kwenye Word.

Kipindi cha muda nacho usikiandike kwa kistari. Badala ya 19:03, nafasi, kistari, nafasi, 19:10, andika kwa maneno:

من 19:03 إلى 19:10

Na jedwali lenyewe ligeuze liwe la kulia kwenda kushoto katika sifa za jedwali. Kuelekeza aya peke yake hakutoshi, safu za jedwali zitabaki zimeanzia kushoto na namba itakuwa ukingo usio wake. Faida nyingine ya jedwali: jina "Fundi Kabati" linakaa kwenye kisanduku chake. Ukiliandika kwa herufi za Kilatini mbele ya sentensi ya Kiarabu katika mstari mmoja, programu nyingi huchukua herufi ya kwanza kuamua mwelekeo wa mstari mzima, na nukta ya mwisho inarukia upande wa mwanzo wa sentensi.

---

Mshumaa_wa_Jioni

LRM imefanya kazi. Ahsante sana.

"Jana" na "Leo" je? Nilitaka kuweka tarehe zenyewe, maana dada anazijua.

---

KalamuMbili

Andika أمس na اليوم kama zilivyo, zikiwa mistari ya kugawa, si jumbe. Maneno hayo yameandikwa na programu kwa kuhesabu kutoka siku picha ilipopigwa. Saa 21:15 ya juu inaonyesha ilipigwa jioni hiyohiyo, nusu saa baada ya ujumbe wa mwisho. Tarehe yenyewe haipo kwenye picha.

Ila inaweza kuwa kwenye jina la faili. Simu nyingi za Android huipa skrinshoti jina lenye tarehe na saa. Mwambie dada aangalie kwenye simu yake, asiangalie ile aliyokutumia.

---

Mshumaa_wa_Jioni

Kwake inasoma Screenshot_20241110-211508. Kwangu inasoma IMG-20241111-WA0003.

---

KalamuMbili

Umeona. Ya kwako ni jina lililotolewa na WhatsApp picha ilipofika kwenye simu yako, siku iliyofuata. Ukiichukua hiyo, "Leo" inakuwa tarehe 11 na fundi anapata siku moja ya bure. Ya dada ni 10 Novemba 2024, saa 21:15 na sekunde 8, inalingana na saa ya juu ya picha. Kwa hiyo kwenye maelezo, si ndani ya jedwali, andika kwamba kwa mujibu wa jina la faili la asili "Leo" ni 10 Novemba na "Jana" ni 9 Novemba. Anayesoma aone umeipata wapi.

---

Mshumaa_wa_Jioni

Imebaki sauti. Herufi kubwa za namba 7, ile "Haya.", na "hahaha". Dada anasisitiza hahaha ibaki, alikuwa amekasirika, hakuwa anacheka.

---

TalibuLugha

Kicheko cha Kiarabu kwenye simu ni ههههه. Weka hivyo na usimwelezee msuluhishi kwamba ni hasira. Kejeli yenyewe ipo kwenye "kila siku gari":

طيب يا سيدي ههههه كل يوم السيارة

"Bana" nimeiweka يا سيدي, ambayo kwa Kiarabu nayo husemwa kwa kejeli hivyohivyo. Usitie alama ya mshangao, dada hakuiweka.

"Haya." ni طيب. pamoja na nukta yake. Ukiandika حسنًا inakuwa ya shuleni, na ukiandika موافقة, "nimekubali", umemfunga dada. Haya ya namna ile si kukubali saa mbili ya usiku wala ya asubuhi, ni kuchoka kubishana.

Herufi kubwa Kiarabu hakina. Andika kwa wino mzito na useme kwenye mabano:

فاتت الساعة الثامنة [بأحرف كبيرة في الأصل]

---

Bwana_Mkato

Mbona mnachanganya? طيب na يا سيدي ni za mtaani. Karatasi ya msuluhishi iwe fasaha mwanzo mwisho.

---

TalibuLugha

Fundi na mteja wake wakiongea kama taarifa ya habari, umeshapoteza sauti. طيب ni neno fasaha kwa asili yake na linaeleweka kila nchi ya Kiarabu, ndiyo sababu nimelichagua badala ya ماشي. Sarufi iwe fasaha, maneno yawe mepesi. Lahaja ya nchi moja nzimanzima sishauri, utampa fundi uraia asio nao.

Kuna neno moja tu linaloniumiza kichwa kweli: "Pole dada yangu". Yule jamaa kaandika آسف, sivyo?

---

Mshumaa_wa_Jioni

Ndiyo. آسف يا أختي.

---

TalibuLugha

Basi kampa dada ushindi ambao hakuupata. آسف ni "nasikitika, samahani", mtu anayekiri. Pole unamwambia hata aliyefiwa au aliyeanguka mbele yako, haina kosa lako ndani yake. Kama fundi angetaka kuomba radhi angesema samahani. Mimi ningeweka معلش:

معلش يا أختي، تعطلت السيارة

---

KalamuMbili

Hapa tunatofautiana. معلش ni ya lahaja, hilo kwanza. Pili, معلش inamtaka dada asamehe au apuuze, "si kitu bwana", na pole haisemi hivyo. Inatambua kwamba dada amesumbuka. Na ukweli ni kwamba mtu aliyechelewesha kazi akikwambia pole, radhi kidogo imo ndani. Huwezi kusema hakuna kabisa.

Mimi ningeliandika بولي kwa herufi za Kiarabu na kuweka maelezo kwamba ni neno la kumhurumia aliyepatwa na usumbufu, hutumika kwa kuomba radhi na bila kuomba radhi.

---

TalibuLugha

Kwa hiyo msuluhishi akutane na neno lisilokuwepo katika lugha yake, katikati ya sentensi inayobishaniwa. Hiyo si tafsiri, ni kumwachia kazi.

---

BiZuhura

Mimi si mtaalamu ila mume wangu akinichelewesha akaniambia pole, ninahesabu ameomba radhi. 😄

---

KalamuMbili

Bi Zuhura ndiye angekuwa wakili wa dada.

Mshumaa, fundi ataiona tafsiri hii?

---

Mshumaa_wa_Jioni

Ataiona. Nakala inakwenda pande zote mbili, na ana mtu wake anayejua Kiarabu.

---

KalamuMbili

Basi آسف itapingwa siku ileile, na ikipingwa moja wataanza kutilia shaka zote kumi na moja. Kati ya معلش na بولي chagua wewe, mradi maelezo yawepo chini yake.

---

Mshumaa_wa_Jioni

Nimeweka معلش na tanbihi ya KalamuMbili chini yake. Nikiipitia kama fundi naona haki, nikiipitia kama dada naona imepoa kidogo. Dada mwenyewe bado anataka آسف.

Swali la mwisho: 🙏 ya namba 2. Msuluhishi ataiona ni dua, ni shukrani au ni "tafadhali"?

---

TalibuLugha

Emoji iache kama ilivyo, mahali pake, mwisho wa sentensi, ambao sasa uko kushoto. Ukiitafsiri utakuwa umemsemea fundi. Ungekuwa na 👉 ningekuonya, kwa sababu kidole hakigeuki pamoja na maandishi, kinabaki kinaonyesha kulia hata kama kilichokuwa kinaonyeshwa kimehamia kushoto. Hiyo ya viganja haielekezi popote.

---

Chapa_Kazi

Jamani mnisaidie kitu kimoja, simu yangu bado iko Kiarabu. Kitufe cha lugha kinaitwaje?

---

TalibuLugha

Fungua الإعدادات, tafuta اللغة.